Kumbukumbu ya mkono wa roboti: bega linakwama, nimepiga hesabu upya kiungo kwa kiungo

Wiki hii yote nimekuwa na bega tu, sijagusa kitu kingine. Shida iko hivi: nikiunyoosha mkono usawa wa sakafu, kikono kimeshika mzigo wa gramu 300, nikawasha draiva, mkono unakaa pale pale hata dakika kumi. Ila nikiuacha uning'inie chini halafu niuamuru upande, unapanda vizuri mpaka zimebaki kama nyuzi 40 na kitu kufika usawa, hapo mota inaanza kulia ule mlio wa kukwaruza, inaruka stepu, na mkono wote unadondoka. Nikitoa mzigo unapanda mpaka juu bila tatizo.

Mwanzoni nilidhani ni draiva, nikahangaika nayo siku nzima, kumbe jibu liko ndani ya hizo dalili zenyewe. Mkono unashikilia lakini haupandi, maana yake torki ya mota, yaani nguvu yake ya kuzungusha, ikiwa imesimama inatosha na torki yake ikiwa inazunguka haitoshi, na mimi nilipochagua gia nilitumia ile namba ya kusimama. Mota yangu ya stepa imeandikwa 0.4 Nm, giaboksi ni ya 10, nikazidisha nikapata 4 Nm, bega linahitaji kama 3.3, nikasema poa inatosha. Ile 0.4 ni torki ya kushikilia, yaani rota imesimama na umeme kamili unapita kwenye koili. Ikianza kuzunguka inashuka, na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndo inavyozidi kushuka.

Basi nimeanza upya, na safari hii nimeanzia nchani kurudi nyuma, kwa sababu mota ya kiwiko yenyewe ni mzigo wa bega, sasa ukianzia begani hujui bado unabeba nini. Hali mbaya kuliko zote ni mkono umenyooka wote usawa wa sakafu, kwa hiyo kwa kila kiungo unachukua kila kitu kilicho mbele yake, uzito mara umbali wake kutoka kwenye ekseli ya kiungo hicho, unajumlisha:

```
T = 9.81 * (m1*r1 + m2*r2 + ...)
```

m kwa kilo, r kwa mita, jibu linakuja kwa Nm.

Kifundo kilikuwa rahisi. Mzigo 0.3 kg uko sentimita 10 kutoka kwenye ekseli, kikono chenyewe 0.12 kg uzito wake uko kama sentimita 5, jumla 0.35 Nm. Pale nina savo, na savo zinaandikwa kwa kilo-sentimita, 1 kg·cm ni 0.098 Nm, kwa hiyo nahitaji 3.6 kg·cm. Savo yangu imeandikwa 15 ila hiyo ni torki ya kukwama, yaani pale inaposhindwa kabisa kusogea huku inakula umeme mwingi na kuchemka, kwa hiyo mimi huwa nahesabu theluthi moja tu ya hiyo namba kuwa ndo ya kufanyia kazi. 5 dhidi ya 3.6, sawa, naiacha.

Kiwiko kinabeba mkono wa mbele (sentimita 18, 0.1 kg), savo ya kifundo 0.06 kg, kikono na mzigo. Nimepata 1.29 Nm.

Sasa bega. Mkono wa juu ni sentimita 20 na 0.15 kg, mota ya kiwiko na giaboksi yake ni 0.35 kg na ziko mwishoni kabisa mwa hizo sentimita 20, halafu vyote vya mbele vinaongezeka umbali. Jumla 3.26 Nm, na humo ndani mota ya kiwiko peke yake inachukua karibu 0.69, yaani moja ya tano ya kazi yote ya bega inaenda kubeba mota nyingine. Mzigo wa gramu 300 ndo mkubwa zaidi, 1.41, kwa sababu uko mbali, sentimita 48.

Hiyo ni ya kubeba tu. Kuna na ya kuanzisha mwendo. Nimehesabu inasha ya mkono wote kwenye ekseli ya bega (kila uzito mara umbali wake mara umbali tena) nikapata kama 0.125 kg·m². Nataka bega liende nyuzi 60 kwa sekunde. Nikilipa nusu sekunde kufika hiyo kasi, inaongezeka 0.26 Nm tu. Nikitaka lifike kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, inaongezeka 1.31 Nm! Ni mkono ule ule na mzigo ule ule, tofauti ni namba moja kwenye programu, na nikiangalia kodi yangu ya zamani kweli nilikuwa nimeweka mwanzo wa ghafla sana. Nimeweka nusu sekunde, kwa hiyo bega linahitaji 3.52, na nataka akiba ya mara moja na nusu, inakuwa 5.3 Nm. Akiba hiyo siipunguzi kwenye stepa, kwa sababu savo ikizidiwa kidogo inachelewa tu lakini stepa ikizidiwa inapoteza nafasi yake na programu haijui, inaendelea kuamini mkono uko pale.

Kazi iliyobaki ilikuwa kujua mota yangu inatoa nini kweli ikizunguka. Nimefunga kigurudumu chenye nusu kipenyo cha milimita 10 kwenye shafti ya mota, nikazungushia uzi, nikaning'iniza chupa ya maji, nikawa naongeza maji mpaka mota inashindwa kuinua kwa kasi niliyoiweka, halafu napima chupa. Kwa nusu kipenyo hicho kila kilo moja ni karibu 0.1 Nm, kwa hiyo hesabu inakaa kichwani. Kwa volti 12: raundi 100 kwa dakika nimepata 0.27 Nm, raundi 300 nimepata 0.14 tu. Kwa volti 24, ampea zile zile kwenye draiva: raundi 100 ni 0.29, 200 ni 0.26, 300 ni 0.22, na 500 ni 0.13. Ona kwamba kwenye mwendo wa taratibu volti hazibadilishi sana, tofauti inaonekana mota ikikimbia, kwa sababu koili inahitaji muda kujaa umeme na ukiizungusha haraka muda huo haupo, volti kubwa ndo inausukuma umeme uingie upesi.

Kabla sijaamini hizo namba nilizijaribu kwenye tatizo lenyewe. Bega kwa nyuzi 60 kwa sekunde ni raundi 10 kwa dakika, giaboksi ya 10, mota inazunguka 100, kwa volti 12 ni 0.27, mara 10, toa asilimia kumi ya msuguano, nabaki na 2.43 Nm. Mkono bila mzigo unahitaji 1.85, kwa hiyo unapita. Na mzigo unahitaji 3.26 ukiwa usawa, ila ukiwa umeinama unahitaji pungufu, na ukigawa 2.43 kwa 3.26 ukatafuta pembe yake inatoka nyuzi 48 kutoka kuning'inia, yaani 42 kabla ya usawa. Pale pale ulipokuwa unadondokea! Hapo nilifurahi sana, maana sasa namba na mkono vinasema kitu kimoja.

Basi gia ipi? Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuweka gia kubwa tu, tumalize. Lakini gia ikiwa kubwa mota lazima ikimbie zaidi ili bega libaki na kasi ile ile, na ikikimbia torki inashuka, kwa hiyo unaongeza huku unapoteza kule. Nimejaribu kwa volti 24, nikichukua ufanisi wa mkanda na giaboksi pamoja kuwa 0.855. Gia ya 20 inatoa 4.45 Nm. Ya 30 inatoa 5.64. Ya 50 inatoa 5.56, yaani imeshuka tena! Kwa hiyo kwa mota hii na kasi hii, kati ya hizo tatu 30 ndo inayotoa zaidi na kwenda mpaka 50 ni kujisumbua, labda ukubali bega liende taratibu zaidi. Na kwa volti 12 hiyo 30 ingenipa 3.59 tu, ingepanda leo ikakwama kesho giaboksi ikiwa ya baridi. Nimebadilisha pawa saplai kuwa ya 24, draiva yangu inaruhusu.

Giaboksi ya 10 ninayo, kwa hiyo nahitaji mkanda wa kupunguza mara 3, puli ya meno 20 kwenda ya 60. Swali likawa niuweke wapi. Rahisi ilikuwa kuuweka baada ya giaboksi, kwa sababu giaboksi tayari imefungwa kwenye mota. Ila pale puli ndogo ingebeba 1.17 Nm kwenye nusu kipenyo cha milimita 6.4, ni mvutano wa karibu niutoni 184 kwenye mkanda mwembamba wa milimita 6, utaruka meno. Ukiwekwa kati ya mota na giaboksi, mota hata ikitoa 0.22 yote, mvutano ni kama niutoni 35. Nikafungua kila kitu nikaupanga hivyo, mkanda kwanza, giaboksi mwisho kwenye bega, na giaboksi yangu inaruhusiwa 6 Nm kwenye shafti ya kutokea kwa hiyo iko ndani ya kipimo. Kiwiko sijakigusa, chenyewe kinainua bila kulalamika.

Majaribio ya jana: nimechora mstari wa penseli kati ya bega na kitako, nikaupandisha mkono na gramu 300 kutoka chini mpaka usawa mara 20, mstari umerudi pale pale kila mara, hakuna stepu iliyopotea. Umeme ukizimwa mkono bado unadondoka, gia hizi zinarudi nyuma zikisukumwa, kwa hiyo nimetengeneza kiegemeo na programu inaulaza hapo kabla ya kuzima.

Kisha nikaanza kuongeza mzigo makusudi ili nijue mwisho wake. Kwa hesabu ungekwama kama kwenye gramu 800. Umekwama kwenye 700. Nikirudisha nyuma hiyo namba inaonyesha bega linatoa 5.14 Nm, yaani ufanisi halisi ni 0.78, na akiba yangu ni 1.46 badala ya 1.6. Nikizungusha puli kubwa kwa vidole nasikia sehemu moja ni nzito kuliko nyingine kila mzunguko, nafikiri tundu lake halijakaa katikati na mkanda unabana upande mmoja. Naichapa upya wikiendi, halafu narudia jaribio la gramu 700.