Nilivyoamua kati ya kukodi na kununua mashine ya fotokopi

Kila niliyemwomba ushauri alinipa jibu kabla sijamaliza kuuliza. Mmoja alisema kukodi ni kumlipia mtu mwingine mali yake, na mwingine akadai kwamba mfanyabiashara mdogo hapaswi kufunga mtaji wake kwenye mashine. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza natoa nakala ngapi kwa mwezi, ingawa hilo ndilo lililokuja kuamua kila kitu.

Ili hesabu ieleweke popote, tuseme bei taslimu ya mashine ni 100. Kwa kuikodi ningelipa 3.4 kila mwezi kwa miezi 36, matengenezo na wino vikiwemo, kisha ningeirudisha au kuinunua kwa 15. Mkopo wa benki wa muda huohuo, wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua, ulidai takriban 3.6 kwa mwezi. (Riba hiyohiyo ikitozwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, malipo hufika karibu 4.3, kwa hiyo hakikisha unajua unatozwa kwa njia ipi.)

Kwa kuwa 3.4 ni ndogo kuliko 3.6, muuzaji aliona mjadala umekwisha. Nilijaribu kumshusha zaidi, naye akakubali upesi mno. Alibonyeza kikokotoo chake, akatabasamu na kunipa 2.8 kwa mwezi. Nilikaribia kumshukuru, mpaka nilipouliza ni kwa miezi mingapi, akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni 48. Nikazidisha mbele yake: 3.4 mara 36 ni 122.4, na 2.8 mara 48 ni 134.4. Punguzo lake lilikuwa limeniongezea deni la 12. Tangu hapo sikumruhusu mtu yeyote kunitajia malipo ya mwezi bila kuandika idadi ya miezi pembeni yake.

Hata hivyo, jumla hizo bado hazikuweza kulinganishwa na mkopo, kwa sababu upande mmoja ulikuwa na wino na fundi, na wa pili ulikuwa na mashine tupu. Nilimwomba muuzaji aandike bei ya huduma peke yake kwa mteja anayemiliki mashine, naye akasita kidogo kabla ya kuniandikia 0.5 kwa mwezi kwa kiwango changu cha kazi. Mkopo wa jumla ya 130 ukijumlishwa na huduma ya 18 unafika 148. Mashine yenye umri wa miaka mitatu nilikadiria ningeiuza kwa 25, kwa hiyo gharama halisi ni 123. Kwa maneno mengine, kwa miaka mitatu kukodi na kununua vilikaribia kulingana, na washauri wangu wote wawili walikuwa wamegombea tofauti isiyofika hata 1.

Kilichovunja usawa huo ni kifungu cha idadi ya nakala. Mkataba wa kukodi uliweka kikomo cha mwezi, na kila nakala iliyozidi ilitozwa peke yake. Mashine yangu ya zamani, kama nyingi za aina yake, ilikuwa na kihesabio kinachorekodi kila karatasi inayopita, nami nilikuwa na desturi ya kuandika namba yake kila mwisho wa mwezi. Ninajivunia daftari lile kuliko mashine yenyewe. Lilionyesha kwamba miezi yenye kazi nyingi ilivuka kikomo kwa mbali, na kwa kuwa kikomo kilihesabiwa kila mwezi, nafasi iliyobaki katika miezi mitulivu haikuhamishwa mbele. Ziada hiyo iliongeza wastani wa 0.4 kwa mwezi, yaani 14.4 kwa mkataba mzima, na kukodi kukapanda kutoka 122.4 hadi karibu 137. Nilinunua kwa mkopo.

Kama daftari langu lingeonyesha nakala zisizofika kikomo, ningekodi bila kusita, hasa kama ningekuwa sina mahali pa kupata fundi haraka, kwani mashine iliyolala siku kadhaa ikisubiri kipuri kipya haiingizi chochote huku marejesho ya mkopo yakiendelea. Lakini kabla ya kusaini ningeuliza maswali mawili, na majibu ningeyataka kwa maandishi. La kwanza ni kiasi ninachodaiwa nikifunga biashara mwezi wa kumi na nane, kwa maana baadhi ya mikataba hudai malipo yote yaliyobaki. La pili ni lini natakiwa kutoa taarifa ya kurudisha mashine, kwa sababu ipo mikataba inayojirefusha yenyewe mteja akichelewa kuandika barua, na malipo yakaendelea juu ya mashine ambayo tayari imeshalipiwa zaidi ya bei yake.