Jumatano za Shela

Mwalimu alinipigia simu Alhamisi, 16 Machi 2023, nikiwa dukani napima kitambaa cha buibui. Alianza kwa kuuliza kama Swaleh yu mzima. Nikamwambia kwa ninavyojua mimi ni mzima, ila jana amelala kwa babake, kijijini Shela. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi amelala na hapa pia, Mama Swaleh. Somo la kwanza na la tatu. Nimemwamsha, kalia."

Sikuhitaji kuuliza kilichomlaza. Jumatano usiku Liverpool walikuwa Madrid, wakafungwa moja bila na kutolewa, na nusu ya Lamu ililala imekasirika. Mwezi wa Machi mechi hizo za Ulaya huanza kwetu saa tano usiku, maana wenzetu hawajasogeza saa zao mpaka mwisho wa mwezi. Zinakwisha saa saba kasoro. Mtoto anayelala Shela lazima aamke saa kumi na moja ili awahi boti ya kuja mjini, kwa kuwa ile njia ya ufuoni huliwa na maji yakijaa. Basi alikuwa amelala kwa muda wa saa nne tu. Mtoto wa miaka tisa hutakiwa alale kwa muda wa saa tisa mpaka kumi na mbili.

Tuliachana na babake kwa heshima, mbele ya kadhi. Hati yetu ilitaja siku za mtoto na matumizi yake: Jumatano usiku ni kwa babake, na Ijumaa alasiri mpaka Jumamosi jioni. Saa ya kulala haikutajwa, wala soda, wala simu. Hakuna hati inayoweza kuingia mpaka chumbani kwa mtu. Hili nililijua mapema, nadhani ndilo lililoninusuru na mengi.

Jioni Swaleh alirudi kutoka madrasa, nami sikumuuliza neno. Nina ada yangu: jioni ya kwanza akitoka kwa babake hasailiwi. Ataoga, atakula, basi. Hurudi na kiburi kidogo kila mara, akitupa viatu mlangoni, akijibu kwa mkato, na kufika kesho yake huwa kimekwisha. Ukimkabili usiku ule utakuwa unagombana na uchovu.

Alianza mwenyewe, tukila mkate wa mofa na mchuzi wa samaki.

"Mama, kwa baba hakuna saa ya kulala. Baba asema sheria za hapa ni za jela."

"Kwa baba ni kwa baba," nikamwambia. "Hapa tunalala saa tatu. Ongeza mchuzi."

Alinitazama usoni, akitafuta kama nimeudhika. Dadangu, aliyekuwa ameketi nasi, aliudhika kwa niaba yangu na akataka kusema, nikamsogezea sahani. Mtoto akikuletea neno kama lile hajachagua upande. Anaujaribu ukuta aone kama bado umesimama. Ukimjibu kwa kumtukana babake, unamtukana nusu yake yeye, na tena unamfundisha kwamba maneno ya kubeba yana bei.

Kisha akasema, polepole, akiangalia sahani, "Lakini aliniambia nisikwambie habari ya mpira."

Hapo ndipo chakula kiliponishinda.

Saa ya kulala na siri ni mambo mawili yasiyo na uzito mmoja, japo yalikuja kwenye sinia moja. Usingizi uliopotea hulipwa kwa usiku wa pili. Mtoto aliyezoeshwa na mtu mzima anayempenda kwamba kuna mambo ya kumficha mamake ameshafunzwa somo ambalo mtu mwingine, asiyempenda, atalikuta tayari. Wanaowadhuru watoto huanza hivyo hivyo, na kitu kidogo kitamu na neno "usimwambie mama". Babake hakuwa na nia hiyo hata chembe. Alitaka tu kuepuka makelele yangu. Lakini mtoto hajui kupambanua nia.

Nikamwambia Swaleh, "Zawadi ya kumshtukiza mtu yaweza kufichwa, kwa sababu ina siku yake ya kufunguliwa. Lile unaloambiwa usiseme kabisa, niambie. Hutapigwa, na babako hataletewa ugomvi kwa ajili yako."

Ahadi ile ilinifunga mikono. Sasa singeweza kwenda kwa babake nikasema "mtoto kaniambia". Siku hiyo hiyo angejua kuwa neno lake limefika Shela, na ndilo lingekuwa la mwisho kuniambia. Bahati yangu ilikuwa ile simu ya mwalimu. Hiyo niliweza kuitaja bila kumgusa mtoto.

Ujumbe niliuandika usiku, nikaulaza, nikausoma asubuhi. Ulikuwa mrefu. Nikatoa "kila mara", nikatoa "wewe hujali", nikatoa habari za mwaka juzi. Uliobaki ni huu:

"Assalamu alaikum Baba Swaleh. Mwalimu alinipigia jana, Swaleh alilala darasani mara mbili. Naomba tubadilishe usiku wa Jumatano uwe usiku wa Jumamosi: umchukue Ijumaa alasiri, umrudishe Jumapili alasiri. Siku zako hazipungui. Niambie kabla ya Jumapili kama yakufaa."

Yaani nilikuwa nimeacha kumtaka amlaze mapema. Hilo ningeliomba mpaka kesho, naye angesema ndiyo, na mpira ukianza angesahau. Mechi zenyewe huchezwa Jumanne na Jumatano. Usiku wa shule ukiondoka kwake, sheria yangu haihitaji mlinzi, na yeye anabaki na uhuru wa nyumba yake. Nilipunguza hasara ya tabia yake bila kuigusa tabia.

Jibu lilikuja baada ya sala ya Ijumaa: "Mtoto wa kiume hafungwi kama mbuzi. Na Jumamosi jioni nina wageni wa machweo." Yeye ni nahodha, huwapeleka watalii kwa dau.

Sentensi ya kwanza ilikuwa chambo. Ya pili ilikuwa jambo. Nikajibu ya pili peke yake: "Jumamosi saa za wageni aweza kukaa kwa Ami Athman na wenzake?" Ami Athman ni kakake mkubwa, nyumba zao zinatazamana. Hakujibu. Jumapili ikapita.

Sikuandika tena. Jumatatu nilichukua boti nikaenda kumwamkia mke wa Ami Athman, na alasiri mzee mwenyewe akatoka msikitini, tukaketi kwenye daka. Nilimchagua yeye makusudi. Ningekwenda kwa ndugu zangu, babake Swaleh angeona ametumiwa jeshi. Ningekwenda kwa mamake, ningemtia mama baina ya mwanawe na mjukuu. Kaka mkubwa humsema mdogo wake bila kumvunjia uso.

Nilitaja mambo mawili tu. Soda sikuitaja, wala simu anayopewa mpaka ikafa moto, wala kazi ya shule inayorudi na madoa ya samli. Ukipeleka mambo kumi, mzee atasikia mwanamke anayelalamika. Ukipeleka mawili, atakumbuka yote mawili. Nilimweleza habari ya kubadilishana siku, akasema hilo ni jepesi, watoto wake watafurahi. Habari ya siri niliizungushia, nisimtaje Swaleh: "Ami, naomba nyumba zote mbili ziwe na kanuni moja, kwamba hakuna mtu mzima wa kumwambia mtoto amfiche mzazi wake jambo. Hata mimi, nikimwambia Swaleh amfiche babake, mnikemee. Ufuo huu hupita kila aina ya mtu."

Mzee alisugua magoti. "Ufuo huu," akasema, "naujua kuliko wewe." Hakuongeza.

Dadangu aliniona mnyonge. Kwake, mtu aliyekosea aitwe na Ofisi ya Watoto, akanyooshwe. Nilimwambia kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama wote wawili, na jukumu lao ni sawa, waliooana na wasiooana. Mpira wa saa saba haumpotezei mtu haki hiyo, wala ofisa hatakuja kuzima televisheni. Kama angempiga mtoto, au kumpeleka bahari kuu bila jaketi la kuokolea, au kumwacha na walevi, nisingeandika ujumbe wa adabu wala kwenda kwa kaka mtu; ningekwenda ofisini siku hiyo, au nipige 116, simu ya bure ya watoto. Yapo mambo ya subira na yapo mengine. Kosa la wengi, nionavyo, ni kuyachanganya, mpaka siku ya hatari hakuna anayewasikiliza kwa kuwa walishapiga mayowe kwa ajili ya soda.

Jumanne babake aliandika neno moja: "Sawa." Sikumuuliza ameambiwa nini.

Wiki ile ile Ramadhani ikaingia, na ule utaratibu wangu wa saa tatu ukawa mzaha hata nyumbani kwangu. Watu wako tarawehe, watoto wako vichochoroni, nani atalala? Niliisogeza saa ya kulala mimi mwenyewe na kumlaza Swaleh mchana akitoka shule. Nikamwandikia babake ili ajue, maana nisingependa asikie kwa mtoto kuwa mama naye ameregeza. Jibu lake: "Hata jela huwa na Ramadhani." Nilicheka, lakini yeye sikumwonyesha.

Jumatano zikawa zangu. Ijumaa anakwenda na begi, Jumapili anarudi akinuka chumvi, kiburi chake kikiwa pale pale mlangoni pamoja na viatu. Simu bado anapewa. Siku moja tu nilimsikia akimwambia binamu yake, aliyetaka wafiche kikombe kilichovunjika, "Sisi hatufichi, tunasema." Alikisema yeye, kisha akasingizia paka.

Fainali ya mwaka ule ilikuwa Jumamosi, 10 Juni, saa nne usiku, City na Inter. Swaleh aliniuliza wiki nzima kama ataruhusiwa kukesha. Nikamwambia Jumamosi ni ya babake, amuulize babake. Asubuhi ya Jumapili simu ikalia, ujumbe kutoka Shela, bila mimi kuuliza chochote:

"Alisinzia dakika ya sitini. Goli la Rodri hakuliona. Amewaambia wenzake ameona mechi yote. Usimwambie kama nimekwambia."