"Sasa mimi nitawaambia nini?"

Jumatano dada kajifungua wa kiume, wote wazima, na mwenye nyumba kapandisha kodi kwa elfu kumi kuanzia mwezi ujao. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nina swali moja tu, limenikaa kooni tangu Jumatatu kama mwiba wa mbasa.

Mnakumbuka niliwaambia kuna nafasi ya mtunza ghala Mafinga. Tangazo linataka "wadhamini watatu wa kuaminika, wenye namba za simu zinazopatikana." Mdhamini wangu wa kwanza siku zote ni mzee wa Mlowo, bosi wangu wa enzi zile za kiwanda kidogo cha kumenya kahawa. Siku zote nimemweka bila kumwuliza. Ndiyo, najua. Mwaka jana mwenyekiti wetu wa zamani alipigiwa simu yuko msibani, akasema hilo jina halikumbuki, na baadaye akanipigia kunieleza kwa furaha kabisa kwamba kuna matapeli walikuwa wanatumia jina langu. Kwa hiyo safari hii nikajifanya mtu mzima. Nikapiga kwanza.

Nilipiga nikiwa Kabwe, kosa la kwanza. Makonda wanaita Tunduma, bajaji zinapiga honi, mimi nimeziba sikio moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Namba yangu hakuwa nayo. Nikajitambulisha, akafurahi, akaniuliza habari za mama. Nikasema: "Mzee, naomba uwe mdhamini wangu."

Kimya. Halafu akashusha pumzi ndefu. "Mwanangu, mambo ya kudhamini mimi niliacha. Saccos ilinikata mkopo wa mtu miezi 14."

Nikacheka, nikamweleza si mkopo, ni wa kazi, watampigia wamwulize habari zangu. "Aaa," akasema, "hiyo sawa. Sasa mimi nitawaambia nini?"

"Waambie tu nilikuwa mchapakazi."

"Mm. Wachapakazi wako wengi." Halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu: "Hivi wewe si ndiye wa yale magunia yaliyopotea?"

Salio likaisha. Nawaapia, halikuisha, nilikata mimi.

Siku mbili nimetembea na sentensi hiyo. Naosha vyombo, magunia. Napima mchele wa mteja dukani, magunia. Miaka karibu miwili nimefanya kazi chini ya yule mzee, nimelala ghalani msimu wa mvua, na kilichobaki kichwani mwake ni magunia. Nikaandika hata ujumbe wa kumtoa kwenye orodha, nimweke mchungaji badala yake. Sikuutuma, maana nilijiuliza mchungaji atawaambia nini watu wa ghala: kwamba naimba sauti ya pili?

Hapo ndipo lile swali likaanza kunigeukia. Mzee hakuwa ananidharau. Alikuwa anauliza. Mtu anapigiwa simu na mgeni, labda yuko shambani, na anatakiwa kukumbuka mambo ya 2019 papo hapo. Akili yake inaokota kilichopiga kelele kuliko vyote, na magunia yalipiga kelele kweli: walinzi waliamshwa saa 5 usiku. Namna yalivyopatikana haikupiga kelele hata kidogo, kwa hiyo hilo halikumbuki.

Kwa wasiojua: Agosti 2020 daftari lilisema magunia 143 ya kahawa ya maganda, ghalani tukahesabu 141. Asubuhi yake tuliipata hitilafu. Gari la Jumanne lilibeba 62, nakala ya dereva inasema 62, mimi nikaandika 60. Hakuna aliyeiba. Ni mkono wangu uliokosea, na tangu siku ile gari halikutoka bila watu wawili kuhesabu na kusaini. Mambo yaliishia hapo, lakini mzee alisafiri wiki ileile kwenda kwenye harusi Tukuyu, na aliporudi hakuna aliyemweleza zaidi ya "yamepatikana."

Alhamisi jioni nikampigia tena, safari hii niko ndani, mlango umefungwa. Nikaanza na kuomba radhi ya kukata simu.

"Mimi nilikuuliza swali," akasema, "hukunijibu."

Akanieleza anavyoulizwa. Ameshapigiwa mara nyingi kwa ajili ya vijana wake, na anasema maswali hayatofautiani sana. Ulimsimamia wewe mwenyewe au ulikuwa unamsikia tu? Kuanzia lini hadi lini? Kwa nini aliondoka? Kama ni ghala, lazima waulize kama kuna mali iliwahi kupungua mikononi mwake. Halafu la mwisho, wanaliuliza kama mzaha: ungempata leo, ungemchukua tena? "Hapo ukivuta pumzi tu, umemmaliza mtu."

Nikamwuliza, roho mkononi: "Mzee, mimi ungenichukua tena? Kama hapana niambie tu, nitatafuta mwingine, sitakasirika." (Ningekasirika.)

Hakuvuta pumzi. "Ningekuchukua. Ila la magunia nieleze vizuri, maana wakiniuliza siwezi kudanganya." Halafu akaongeza: "Na usiniandikie maneno ya kusema. Kuna kijana alinitumia karatasi nzima ya sifa zake, yule mama wa upande wa pili akaniambia mdhamini wa kwanza naye kasema hivyohivyo, neno kwa neno. Maneno nitatafuta mwenyewe. Nikumbushe mambo."

Basi nikakaa kuandika. Nilidhani ni dakika 10, ikafika saa 6 usiku. Kwanza tarehe. Kwenye sivii nilikuwa nimeandika "2018–2021," nikijua inatosha. Nikatoa cheti changu cha utumishi, kile ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe unapoondoka, nikaona Juni 2018 hadi Februari 2021. Lakini mzee alihamia kwetu Mei 2019. Angeulizwa, angesema kwa haki kabisa "nilikuwa naye karibu miaka miwili hivi," na mtu mwenye sivii yangu mkononi angeona miaka mitatu, akaweka alama ya kuuliza pembeni. Hakuna aliyedanganya, lakini mimi ndiye ningeonekana mwongo. Nikarekebisha sivii iseme miezi.

Halafu nikafuta sifa zote. Nilikuwa nimeandika mwaminifu, mwangalifu, najituma. Nikabakiza vitu alivyoviona kwa macho yake. Mwisho ujumbe ukawa hivi, nimeunakili kutoka wasapu:

"Shikamoo mzee. Kazi ni mtunza ghala, Mafinga. Tangazo nimekutumia picha yake hapo juu. Wanachotaka zaidi ni kumbukumbu za ghala, uaminifu na kompyuta. Ulinikuta kazini Mei 2019, niliondoka Februari 2021 mkataba ulipoisha. Nilikuwa karani wa mizani, kisha ghalani. Mambo mawili ya kukumbuka. Moja, Julai 2019 mizani iliyokuwa inapunja, nilisimamisha kupokea kahawa. Mbili, Agosti 2020 magunia 2: niliandika 60 badala ya 62, picha ya daftari na nakala ya dereva ziko hapo chini. Baada ya hapo tulihesabu wawili na kusaini. Wakikuuliza udhaifu wangu, hilo ni la kweli, liseme. Watapiga kati ya Jumatatu na Ijumaa. Namba yao sijaijua, nikiijua nitakutumia."

Picha za daftari ninazo kwa sababu nilizipiga asubuhi ileile ya 2020, kwa woga. Sijawahi kuushukuru woga kiasi hicho.

Ukaonekana umesomwa saa 1 asubuhi. Kimya. Saa 4, kimya. Nikajuta kuandika neno udhaifu. Saa 7 mchana akapiga mwenyewe, kwa salio lake.

"Jiwe la kilo 20 lilisoma 18 na nusu," akasema bila salamu. "Kumbe umesahau kuandika. Nakumbuka uliniita ukaliweka mara tatu mbele yangu. Na ule msururu wa akina mama, na kahawa mbivu inaanza kupata joto kwenye magunia. Nilikukasirikia sana siku ile."

Alinikasirikia kweli. Kahawa iliyochumwa leo inatakiwa kumenywa leo, ikilala inaanza kuchacha na harufu haitoki tena, na mimi nimesimamisha foleni kwa saa nzima na zaidi mpaka ilipoletwa ile mizani ya kuning'iniza. Nilidhani siku ile anaihesabu kama kosa langu. Akasema: "Hilo nitawaambia. Watu wa ghala watalielewa." Halafu akacheka. "Na hili la magunia, kumbe ni kalamu tu! Mimi miaka yote nilijua mlinzi."

Maskini yule mlinzi. Sijui hata aliko.

Akaniambia mambo mengine mawili. Kompyuta hawezi kuisemea, hakuwahi kuniona nayo, tulikuwa na daftari na kikokotoo chenye betri ya jua. Kwa hiyo hilo litasemwa na mwalimu wangu wa chuo, ambaye naye sasa inabidi nimpigie, niandike tena. Bosi wangu wa sasa wa duka siwezi kumweka, hajui kama naondoka, na nyie mnaomfahamu naomba mfunge midomo. La pili, asubuhi yuko shambani bondeni, mtandao haushiki, apigiwe baada ya saa 10. Nikaandika kwenye sivii, pembeni ya namba yake: apatikana kuanzia saa 10 jioni.

Barua nimetuma jana. Sijui kama nitaitwa. Lakini leo nimefagia chumba nikiimba, jirani akaniuliza kama nimepata mchumba. Ile "ningekuchukua" ameisema haraka sana, bila kuvuta pumzi, na nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia magunia.

Nitampelekea mzee sukari kilo 2 nikipita Mlowo, nipate nisipate. Ila nisubiri kwanza waishe kumpigia, isije ikaonekana nimemnunua.

Mama hajapokea simu tangu jana asubuhi. Ng'ombe alikuwa amebakiza siku chache kuzaa na safari iliyopita ndama alikuja kinyume, ikabidi majirani wanne wavute. Nimempigia Mama Furaha wa jirani, naye simu yake haipatikani. Huenda ni umeme tu umekatika kule, simu zimezima chaji. Nitajaribu tena saa 3.