Wakubwa wawili, Alhamisi moja

Jumatatu jioni mkuu wa Fedha aliniandikia kwamba kulinganisha hesabu zetu na taarifa ya benki kuishe Alhamisi saa sita mchana. Muda mfupi baadaye mkuu wa Mauzo naye akataka ripoti ya wateja, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Kila mmoja aliandika "haraka sana", na hakuna aliyejua kuhusu mwenzake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandaa takwimu za idara zote mbili.

Nilikaa nikapiga hesabu kwanza. Kazi ya Fedha saa 14, ya Mauzo saa 10, jumla 24. Kuanzia Jumanne asubuhi hadi Alhamisi mchana nilikuwa na saa 20 za kazi. Pengo la saa nne, basi. Ukishalijua pengo, huna haja ya kulalamika kwamba umelemewa.

Niliandika barua pepe moja, wote wawili kwenye mstari wa "Kwa", kwa mpangilio wa alfabeti. Bosi wetu wa juu sikumnakili. Kumwingiza mapema ni kama kushtaki. Sehemu yenyewe ilisomeka hivi:

"Nikianza na Fedha, ripoti ya Mauzo itafika Alhamisi jioni. Nikianza na Mauzo, kazi ya Fedha itafika Alhamisi jioni. Je, kuna sehemu ya kazi yenu inayoweza kusubiri Ijumaa? Naomba uamuzi wenu kesho kabla ya saa nne asubuhi. Hadi hapo nitakuwa nachambua orodha ya ankara, ambayo kazi zote mbili zinaihitaji. Tusipoafikiana, nitamwomba mkurugenzi aamue."

Sentensi mbili za mwanzo nilizifanya pacha makusudi, nikafuta kila "nadhani" na kila "kwa bahati mbaya". Neno moja la huruma upande mmoja lingetosha kuonyesha nimeegemea wapi.

Asubuhi simu ikaita. Mauzo. "Mdogo wangu, anza na yangu, huyo mwenzangu nitaongea naye mwenyewe."

"Sawa, dada. Mkishaongea, naomba mmoja wenu aandike kwenye barua ileile, nitafuata."

Hakupenda, nilimsikia akishusha pumzi. Lakini ningeitikia pale simuni, ahadi ile ingebaki yangu peke yangu, na Fedha angeisikia baadaye kwa njia ya pembeni.

Kabla ya saa nne jibu likaingia, kutoka kwa Mauzo mwenyewe: kikao chake kilihitaji jumla za mauzo tu, mchanganuo wa kila mkoa ungesubiri Ijumaa. Mchanganuo huo ndio uliokuwa ukila zile saa nne za pengo. Fedha akajibu, "Sawa kwangu." Nikawaandikia wote mstari mmoja wa kuthibitisha nani anapata nini na lini, nikarudi kwenye ankara.