Nimefuta karibu ujumbe wote

Leo asubuhi kwenye matatu kutoka Umoja, nimemwandikia kaka yangu mkubwa ujumbe mrefu mno.

Mama ana kliniki Alhamisi saa mbili. Mimi kazini hawanipi ruhusa tena. Nilitaka kaka ampeleke, basi.

Lakini nilianzia kwenye matanga ya baba, nikapitia Krismasi ile hakuja, nikafika kwenye pesa za dawa. Machozi yalikuwa karibu.

Kabla ya kutuma nikampa rafiki yangu simu. "Hebu soma, uniambie nataka nini."

Akasoma. "Unataka akuombe msamaha."

Nikanyamaza hadi Muthurwa.

Kisha nikatafuta alama ya kuuliza. Ilikuwa moja tu, mwisho kabisa, mahali ambapo angefika tu akibonyeza "Soma zaidi". Nikaipandisha juu. Nikafuta Krismasi na kila "wewe huwa". Ya matanga tutaongea uso kwa uso. Hisia nikaacha moja, maana ujumbe mkavu angeuona kama amri:

"Kaka, unaweza kumpeleka mama kliniki Alhamisi saa mbili asubuhi? Nimekosa ruhusa kazini. Nimechoka, naomba tusaidiane. Nijibu kufikia jioni nijipange."

Sijashuka hata, akajibu: "Sawa. Kadi yake iko wapi?"

Nimeisoma hiyo "kadi yake iko wapi" mara tano.

Nakala ya ule mrefu bado nimeiweka kwenye simu. Nyinyi mngeifuta?