Mishkaki yangu ilikuwa inamumunyuka kijitini, nimepata dawa

Nyama niliyopata hapa Lamu ilikuwa ngumu kweli, ya ng'ombe mzee, basi nikasaga papai bichi nusu nzima na siki nikailaza kwenye friji usiku kucha. Asubuhi nje imekuwa uji, ndani bado ngumu, kijitini haishiki. Kumbe kimeng'enya cha papai kinaendelea kukata protini hata kwenye baridi, japo polepole, na hakipenyi ndani sana, nayo siki ikikaa mno inaikaza na kuikausha nyama. Sasa kilo moja nailaza na mtindi kikombe na chumvi vijiko viwili vya chai, maana chumvi ndo inayopenya na kushika maji, papai la kukwaruza kijiko kimoja tu, dakika 40 kabla ya makaa. Ukiibonyeza ikianza kuteleza kama utelezi, choma hapohapo.