Neno la shukrani kwa mhandisi wa kuta

Jumamosi tulikuwa na semina hapa Lamu kuhusu unyevu katika kuta za nyumba za mawe. Mgeni wetu alikuwa mhandisi wa majengo ya kale, mama mmoja wa makamo aliyetoka Mombasa, na waliokuja kumsikiliza walikuwa mafundi, wenye nyumba wa Mkomani na Langoni, na walimu wachache. Kabla hajaanza, mwenyekiti alinisogelea akaniambia, "Mwalimu, neno la shukrani utalitoa wewe." Nikakubali, nikatafuta kalamu.

Nimehudhuria semina nyingi ambamo mgeni huambiwa kwamba tumefaidika sana, amefungua macho yetu, tunamkaribisha tena. Maneno hayo ni mazuri, lakini angeweza kuambiwa mtu yeyote, hata aliyezungumzia ufugaji wa kuku. Mtu aliyesafiri mpaka huku, akasimama saa nzima akieleza kazi ya maisha yake, ana haki ya kujua ni lipi hasa lililoingia vichwani mwetu. Kwa hiyo sikuandika hotuba mapema. Nilisubiri maswali, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha watu wameshika nini.

Fundi mmoja ndiye aliyeanza. Alisema alipiga lipu ya simiti chini ya ukuta wa tajiri wake, kama mita moja kutoka sakafuni, na sasa doa la maji limejitokeza juu ya pale simiti ilipoishia. Kwa nini? Baadaye bibi mmoja akauliza kuhusu boriti za chumba chake cha ndani, ambazo zimeanza kuoza ncha zilizoingia ukutani ilhali dari yenyewe haivuji. Kisha maalim wa madrasa akaeleza ukuta wake unaomwaga unga mweupe kila akiupaka rangi. Kila mmoja aliuliza lake, lakini wote watatu walikuwa wakiuliza jambo moja, na mgeni alikuwa amelisema dakika chache nyuma: maji yaliyokwisha kuingia ukutani huwezi kuyafungia, utayahamisha tu.

Alivyolieleza ni hivi. Jiwe la matumbawe lina vitundu vidogo vidogo, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Hapa kwetu maji hayo yana chumvi. Ukuta ukiwa na lipu ya chokaa, maji hufika usoni mwa lipu yakakauka kwa hewa, chumvi ikabaki palepale. Chumvi ikiganda huvimba, nayo husukuma chembe za lipu mpaka zikadondoka. Ule unga wa maalim ndio huo. Chokaa huliwa polepole, nasi tunaipiga upya baada ya miaka, lakini jiwe lililo nyuma yake husalimika. Ukipiga simiti, mlango wa kutokea umefungwa. Maji hayarudi chini. Yanaendelea kupanda nyuma ya simiti mpaka yapate mahali pa kupumulia, na mara nyingi mahali hapo ni juu ya lipu mpya au kwenye ncha za boriti.

Wakati wa chai nilimfuata. Sikutaka kusimama mbele za watu nikamsingizia alilolisema nusu. Nilimsomea sentensi niliyoiandika: "Simiti haikaushi ukuta, inayapandisha maji." Akatabasamu, akasema ni sawa, ila niongeze jambo moja. Kabla ya mtu kuilaumu ardhi, aangalie kwanza bomba na birika la choo. Unyevu wa ardhini hufanya mstari karibu sawa kuanzia sakafuni, urefu wake haupishani sana. Unyevu wa bomba hukusanyika mahali pamoja, na aghalabu hukaa kama duara au hushuka kutoka juu. Mtu akibandua simiti ilhali bomba linavuja, atakuwa ametupa pesa, kisha ataona chokaa haina maana. Niliandika hilo pembeni ya karatasi. Kwangu hilo lilikuwa na uzito sawa na wazo lenyewe, kwa kuwa mafundi waliokuwa mle ukumbini wangetoka wakaanza kubandua kuta za watu Jumatatu.

Zamu yangu ilipofika, nilisimama nikasema hivi, karibu neno kwa neno:

"Bi Mhandisi, kwa niaba ya wote waliohudhuria, shukran. Umetoka Mombasa kuja kutuzungumzia kuta ambazo tumezaliwa ndani yake. Uliyotueleza ni mengi, lakini nimesikiliza maswali, na nimeona moja limebaki na sisi. Fundi ameuliza kuhusu doa lililo juu ya simiti, bibi ameuliza kuhusu boriti, maalim ameuliza kuhusu unga mweupe, na majibu yako yote matatu yamerudi palepale: simiti haikaushi ukuta, inayapandisha maji. Umetuambia pia tuhakikishe kwanza kwamba si bomba. Wenye nyumba waliomo humu watatazama kuta zao leo jioni kwa jicho jingine. Mwenyezi Mungu akulipe kheri na akurudishe salama."

Nikakaa. Haikuzidi dakika mbili. Sikutaja vyeo vyake vyote, maana mwenyekiti alikwisha kuvitaja asubuhi, na sikurudia mada yake kuanzia mwanzo, jambo linalowachosha watu walio na njaa na kumfanya mgeni asikilize mhadhara wake mwenyewe ukiharibiwa. Nilimtazama yeye nilipokuwa nikisema, si karatasi. Nilipotaja boriti, bibi yule aliitikia kwa kichwa, na mgeni akageuka kumtazama. Nilifurahi sana kuona hivyo, kwa sababu shukrani ile ilikuwa yao wawili kuliko yangu.

Tunaishi katika mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mara nyingi tunazungumza kuuhusu kwa milango iliyonakshiwa na zidaka. Lipu hatuizungumzii, ilhali ndiyo inayoamua kama ukuta utakuwepo.

Jana nilimwandikia pia barua fupi, kwa sababu neno la mdomo husahaulika safarini. Niliweka mambo matatu tu: shukrani, sentensi ile ile aliyoithibitisha, na habari ya kilichotokea tangu aondoke. Habari yenyewe ni kwamba yule fundi amechora mstari wa penseli juu ya doa katika nyumba ya tajiri wake na kuandika tarehe, kama alivyofundishwa, ili aone kama linapanda. Pia amegonga lipu kwa vifundo vya vidole na kusikia mlio wa utupu, maana yake simiti imeachana na jiwe. Aliniomba niulize abandue lini.

Amejibu leo. Abandue mwanzoni mwa kaskazi, auache ukuta wazi ukauke kwa miezi, asiukimbilie. Mchanga wa lipu usitoke ufukweni, kwa kuwa utaingiza chumvi upya. Na chokaa ikishapigwa, aifunike kwa magunia yaliyoloa asiiache ikakaushwa na upepo kwa siku moja, kwa sababu hushika polepole kwa kuvuta hewa na huhitaji unyevu wakati huo. Nimemsomea fundi kwa simu. Ameuliza kama magunia ya mchele yatafaa, nami nimempelekea mhandisi swali hilo pia.